Bibi Ndiye Aliyefariki, Wewe Ndiye Uliyefiwa

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alinionyesha barua aliyokuwa ameipeleka katika ofisi moja ya leseni za udereva. Alikuwa ugenini wakati huo, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya ofisi. Siku mbili kabla ya mtihani wake wa nadharia alipata habari kwamba bibi yake amefariki dunia nyumbani. Akakaa, akaandika kurasa mbili nzima. Barua ilikuwa na salamu, ilikuwa na machozi, na ilikuwa na sentensi hii: "Bibi yangu amefiwa, kwa hiyo naomba mtihani uahirishwe."

Karani aliyeipokea hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa upole, akimpa pole bibi na kuuliza bibi huyo amefiwa na nani. Mpaka swali hilo limfikie mwanafunzi wangu akiwa safarini, siku ya mtihani ilikwisha kupita na jina lake likaandikwa miongoni mwa watoro. Ada aliyolipa ikapotea. Sentensi moja ilikuwa na makosa mawili, na yote mawili ni makosa ambayo nayasahihisha darasani kila mwaka. Leo nataka tuyatazame kwa utulivu, maana barua hii ni miongoni mwa barua chache ambazo utaziandika huku mkono ukitetemeka, na mkono unaotetemeka huandika kile ulichokizoea.

Tuanze na kufiwa. Shina lake ni kufa. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata kufia: mtu amenifia, yaani amekufa na kifo chake kimenigusa mimi. Ukiigeuza sentensi hiyo katika hali ya kutendwa unapata nimefiwa. Basi anayefiwa ni yule anayebaki hai. Aliyeondoka hutajwa baada ya neno "na": nimefiwa na bibi. Ukisema "bibi amefiwa" umesema kwamba bibi yu hai, ameketi mkekani na watu wanampa mkono wa pole.

Kwa nini sisi wa Rwanda tunakosea hapa? Kwa sababu Kinyarwanda kina kitenzi chake kizuri kinachofanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Tunasema napfushije nyogokuru, na aliyefariki anafuata kitenzi moja kwa moja bila kiunganishi chochote. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kinyarwanda hutoa "nimefiwa bibi", na karani hubaki akitafuta "na" iliyopotea. Aliyesoma kwa Kifaransa au Kiingereza huja na "nimepoteza bibi". Siku hizi utawasikia hata watangazaji wakisema wamempoteza mwenzao, na sitagombana nao. Lakini katika barua ya ofisi, kupoteza ni kitenzi cha vitambulisho, funguo na simu. Ofisi ya leseni hupokea barua za waliopoteza vitu kila siku. Usimweke bibi yako katika faili hilo.

Kuna jambo jingine kuhusu neno bibi lenyewe. Tanzania bibi ni mama wa mzazi wako. Kenya watu wengi humwita huyo nyanya, na bibi kwao anaweza kuwa mke. Barua inayosema "bibi yangu amefariki" ikisomwa na mtu aliyekulia Nairobi inaweza kukupa ujane ambao huna. Tiba yake ni maneno mawili tu: bibi mzaa mama, au bibi mzaa baba. Ukiandika hivyo hakuna anayeweza kukosea, na karani amejua papo hapo uhusiano wenu, jambo ambalo pengine angelazimika kukuuliza. Fanya vivyo hivyo kwa wengine. Tunapoishi, ndugu wa baba ni baba, na mtoto wake ni ndugu yangu bila maelezo zaidi. Hilo ni zuri nyumbani. Katika barua andika baba mdogo, baba mkubwa, shangazi, mjomba, binamu. Usimgeuze baba mdogo kuwa baba ili ombi lako liwe na uzito, kwa kuwa hati utakayoambatanisha ina jina la marehemu na umri wake, na karani anajua kuhesabu.

Kosa la pili katika sentensi ya mwanafunzi wangu halikuwa la msiba bali la ombi. Aliandika "naomba mtihani uahirishwe". Kuahirisha mtihani ni kuusogeza mtihani wenyewe, kwa watu wote waliopangwa siku hiyo. Afisa hawezi kuwarudisha nyumbani watahiniwa wote kwa sababu yako, na wala wewe hukukusudia hivyo. Ulichotaka ni kuondolewa katika orodha ya siku moja na kuingizwa katika orodha ya siku nyingine. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulisema hilo: naomba kubadilishiwa tarehe ya mtihani, au naomba kupangiwa tarehe nyingine. Tazama jinsi kauli ya kutendea inavyokusaidia. Kubadilishiwa na kupangiwa vinamaanisha kwamba badiliko ni lako wewe peke yako, na ratiba ya ofisi inabaki ilivyo.

Sasa nije kwenye maoni yangu, ambayo najua si walimu wenzangu wote wanaokubaliana nayo. Nasema ombi likae katika sentensi ya kwanza ya barua. Mwenzangu mmoja huniambia kwamba hiyo ni tabia ya kigeni, kwamba Mwafrika husalimu kwanza, hueleza safari yake, kisha ndipo hutaja shida. Kwa mazungumzo barazani nakubaliana naye kabisa. Lakini barua rasmi ya Kiswahili haijawahi kuwa mazungumzo ya barazani. Ina kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na kichwa hicho huja kabla ya neno lolote la mwili wa barua. Mila ya barua yetu yenyewe imekwisha kuamua kwamba msomaji ajue kwanza ameandikiwa kuhusu nini. Mimi nasogeza uamuzi huo hatua moja tu mbele.

Na sababu yangu ni ya mezani. Karani anayepanga barua asubuhi hasomi kurasa mbili za kila mtu. Husoma kichwa cha habari, mistari miwili au mitatu ya mwanzo, na sahihi. Barua ikianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu, kwanza napenda kukusalimu na kukutakia afya njema pamoja na familia yako", mistari yake mitatu imekwisha na hajajua kama barua ni ya haraka au ya kungoja wiki ijayo. Barua ya mtu ambaye mtihani wake ni keshokutwa haiwezi kungoja wiki ijayo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mtahiniwa anaishi Kigali. Amejiandikisha kwa njia ya mtandao wa Irembo kufanya mtihani wa leseni ya muda, ile tunayoiita provizwari, na amepangiwa Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi. Unajua mtihani wenyewe ulivyo: maswali 20, na anayefaulu ni aliyepata angalau 12. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 12, bibi mzaa mama anafariki dunia huko Rusizi. Mazishi yamepangwa Alhamisi hiyo hiyo mchana. Kutoka Kigali hadi Rusizi ni safari ndefu ya basi kupitia msitu wa Nyungwe, kwa hiyo hakuna namna ya kuketi kwenye mtihani asubuhi na kufika kaburini mchana. Mtahiniwa anaandika siku ile ile ya Jumanne, kabla ya kupanda basi:

(Jina kamili)
(Akagari, umurenge na wilaya)
Simu: ..........
12 Mei 2026

Mkuu wa Ofisi ya Mitihani na Leseni za Udereva,
Kigali.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA TAREHE YA MTIHANI WA NADHARIA WA 14 MEI 2026 KWA SABABU YA MSIBA

Naomba kupangiwa tarehe nyingine ya mtihani wa nadharia wa udereva, badala ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi. Namba yangu ya ombi ni .......... na namba yangu ya kitambulisho ni ..........

Nimefiwa na bibi yangu mzaa mama, aliyefariki dunia usiku wa kuamkia leo huko Rusizi. Mazishi yatafanyika Rusizi siku hiyo hiyo ya tarehe 14 Mei, saa 8:00 mchana, na sitaweza kuwa Kigali asubuhi.

Nitakuwa tayari kufanya mtihani siku yoyote kuanzia Alhamisi, tarehe 21 Mei 2026. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu, uthibitisho wa kujiandikisha na hati ya hospitali kuhusu kifo. Napatikana kwa simu iliyoandikwa hapo juu.

Natanguliza shukrani.

Wako mwaminifu,
(Sahihi)
(Jina kamili)

Isome tena polepole. Aya ya kwanza inampa karani kila kitu anachohitaji ili akupate katika orodha. Nakusihi usiidharau namba ya ombi. Majina yetu yanafanana mno, na hujui siku hiyo kuna watu wangapi wenye jina lako la kwanza. Namba ya kitambulisho cha Rwanda ina tarakimu 16, na kwenye kadi imechapwa kwa mafungu yenye nafasi kati yake. Inakili kwa mafungu hayo hayo, kisha ihesabu. Mtu aliyelia usiku kucha huruka tarakimu bila kujua, na tarakimu moja ikipungua unakuwa si wewe.

Aya ya pili ina sentensi mbili tu kuhusu kifo. Huenda ukaona ni ukavu. Huenda ukasema kwamba bibi aliyekulea anastahili zaidi ya sentensi mbili. Anastahili, ila hazistahiliwi na ofisi ya leseni. Karani hawezi kukupa siku nyingi zaidi kwa sababu umeeleza kwa urefu jinsi bibi alivyokuwa akikupikia. Anachotafuta katika aya hii ni mgongano: kifo kilitokea lini, mazishi ni lini na wapi, na kwa nini saa ya mtihani haiwezekani. Ndiyo maana nimeweka mji na saa ya mazishi. Barua inayosema "nina msiba" bila tarehe inamwachia msomaji swali ambalo linaonekana la kikatili akiliuliza: je, huwezi kuja asubuhi kisha uende? Mwondolee haja ya kuliuliza.

Katika aya hiyo chagua maneno yako kwa kiasi. "Amekufa" ni neno la kweli, lakini kwa mtu mzima anayeheshimiwa tunasema amefariki dunia au ameaga dunia. "Ameitwa na Muumba wake", "ametangulia mbele ya haki" na mengine ya namna hiyo yana mahali pake katika tangazo la kanisani au msikitini. Neno marehemu huwekwa mbele ya jina la aliyefariki, si mbele ya kitenzi: marehemu bibi yangu, kamwe si "bibi yangu amemarehemu", ambalo nimelisoma kwa macho yangu mwenyewe katika daftari la mwanafunzi mzuri tu.

Aya ya tatu ndiyo ambayo wanafunzi wangu karibu wote huisahau. Wanaomba kuondolewa siku moja na hawasemi watakuja lini. Hapo ndipo heshima ya kweli kwa mtumishi wa umma ilipo, kuliko katika "Mheshimiwa" kumi. Ukimpa siku ya kuanzia, kazi yake imepungua. Lakini itafute siku hiyo kwa ukweli. Katika mfano wetu mazishi ni tarehe 14, na mtahiniwa angeweza kusema atakuwa tayari tarehe 16. Sikuandika hivyo kwa sababu msiba wetu hauishi kaburini. Kuna siku za ikiriyo, watu wanakuja jioni, mbao na viti vinaazimwa, na wewe mjukuu ndiye unayetumwa kila mahali. Kwa kawaida ni baada ya siku kadhaa hivi ndipo ikiriyo huondolewa. Ukiomba tarehe 16 kwa sababu ya haya, kisha ukashindwa tena, barua yako ya pili itasomwa kwa jicho jingine. Afadhali uombe wiki nzima mara moja.

Nizungumzie ambatanisho kwa ufupi. Kama marehemu alifia hospitalini, hospitali hutoa hati. Kama alifia nyumbani, nenda kwa uongozi wa akagari mapema, usingoje mpaka baada ya mazishi. Na kama Jumanne bado huna hati yoyote, usiizuie barua kwa sababu hiyo. Andika "hati ya kifo nitaiwasilisha mara nitakaporudi", na kweli uiwasilishe. Barua iliyofika kabla ya mtihani bila hati ni ombi. Barua iliyofika baada ya mtihani ikiwa na hati zote ni malalamiko, na malalamiko hufuata njia ndefu zaidi. Ndiyo sababu pia nakushauri uyasome masharti uliyopokea ulipojiandikisha, hasa yanayohusu kubadilisha siku na hatima ya ada. Kama yanataja njia maalumu ya kuomba mabadiliko, itumie hiyo, na barua iwe ya kuisindikiza.

Utaniuliza, je, barua hii iandikwe kwa Kiswahili hapa Rwanda? Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi yetu, na mimi ninayekifundisha nilifurahi kuliko wengi. Una haki ya kuandika kwa lugha hiyo. Lakini haki ya kuandika si sawa na hakika ya kusomwa leo hii. Ikiwa una siku mbili na dawati unalolijua linafanya kazi kwa Kinyarwanda, andika kwa Kinyarwanda, kwa mpangilio huu huu: ombi, msiba, siku ya kurudi. Msiba si wakati wa kuipima serikali. Ukiwa Dar es Salaam, Mwanza au Bujumbura kwenye dawati linalosoma Kiswahili, sampuli hiyo itakufaa bila kubadilisha mengi. Huko Tanzania badala ya "KUH" utaona pia "YAH", kifupi cha yahusu, na hakuna atakayekulaumu kwa lolote kati ya hayo mawili. Kuhusu miisho ya zamani kama "wako mtiifu", naiacha kwa makusudi. Mwananchi anayelipa ada na kuomba tarehe hamtii mtu, anaomba huduma. "Wako mwaminifu" inatosha, na ina faida ya kuwa kweli ikiwa hukudanganya juu ya baba mdogo.

Kuna jambo moja la mwisho la utaratibu. Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongewe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, nawe uiweke. Kama huwezi kufika mwenyewe, mtume ndugu unayemwamini na umwambie asiondoke bila muhuri huo. Ukituma kwa barua pepe, piga picha ya skrini inayoonyesha saa uliyotuma. Kimya cha ofisi hakina maana ya kukubaliwa. Ikiwa Jumatano jioni hujajibiwa, piga simu, taja namba ya ombi kwanza na jina baadaye, na uulize swali moja tu: je, nimeondolewa katika orodha ya kesho? Likijibiwa ndiyo, muulize anayekujibu jina lake na uliandike nyuma ya nakala yako. Likijibiwa hapana au lisipojibiwa kabisa, uamuzi ni wako na wa jamaa zako, na sidhani kuna mwalimu anayeweza kukufanyia. Mwanafunzi wangu yule alipoteza ada, akajiandikisha upya, akafaulu kwa mara ya kwanza. Nilipomuuliza kama alijuta kwenda mazishini alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa lugha asiyoijua, kisha akaniomba nimweleze tena tofauti ya kufa, kufia na kufiwa, akaiandika kwenye jalada la ndani la daftari lake.